Barua ya wazi kwa vijana mnaopiga picha za watoto za kuchangishia hela

Wanangu mnaofanya kazi ya habari kwenye mashirika ya misaada, wapiga picha, waandishi, na nyie mnaokaa ofisini kuediti video, salamu zenu kwanza, halafu mnisikilize maana nimekasirika na sitajificha.

Kuna tangazo linazunguka kwenye simu za watu. Mtoto wa kama miaka mitatu yuko peke yake kwenye vumbi, nzi machoni, kamera inamtazama kutoka juu, kinanda kinalia taratibu, kisha yanakuja maandishi kwamba hana mtu duniani ila wewe. Haya, rudisheni nyuma muangalie pembeni kushoto. Kuna vidole. Vidole vya mtu mzima na pindo la nguo, yaani huyo mtoto kashikwa mkono na mtu wake, nyie mmemkata huyo mtu mkamfanya mtoto yatima kwa mkasi, halafu mnaniombea hela kwa huo uyatima mliotengeneza wenyewe.

Mimi kazi hii naijua, nimekuwa mkalimani wa wapiga picha kwa miaka mingi, najua kinachofanyika kabla kamera haijalia. Mtoto anahamishwa kutoka kivulini. Wenzake wanaocheza wanaambiwa wakae mbali wasionekane. Mpiga picha anasimama wima ili mtoto ainue macho, hapo anaonekana mdogo zaidi na anayeomba. Baadaye ofisini rangi zinapunguzwa mpaka kila kitu kinakuwa kijivu kama pamenyesha majivu. Hakuna hata kimoja hapo mtu atakachokiita uongo, lakini vikae pamoja muone. Kuna siku niliambiwa nimwambie mama mmoja asimfute mwanae kamasi kwanza. Nikatafsiri kama nilivyoambiwa. Yule mama akanitazama, akasema, "Dada, nimemwogesha huyu tangu alfajiri kwa sababu tuliambiwa wageni wanakuja, sasa mgeni gani anataka kumuona mwanangu mchafu?" Akamfuta, akambeba, akaondoka zake. Mpiga picha hakugombana naye, akasogea kwa mama aliyefuata kwenye foleni.

Sasa najua mtakachonijibu, maana kila mkutano mnajibu hivyo: mama, picha za hivi ndizo zinazoleta hela. Ni kweli, sibishi. Mwaka 1984 Mohamed Amin, mpiga picha wa Nairobi, alipopiga zile filamu za njaa ya Korem kule Ethiopia na BBC wakazirusha mwezi wa kumi, dunia ilitoa hela ambazo hazijawahi kutolewa namna ile, na mwaka uliofuata likaja tamasha la muziki la Live Aid la kuchangia njaa hiyo. Wapo watu wako hai leo kwa ajili ya zile picha, mtu asiniambie eti zisingepigwa.

Hata utafiti uko upande wenu. Mwaka 2007 watafiti Small, Loewenstein na Slovic walichapisha jaribio moja Marekani, watu walipewa dola 5 kwa kujaza fomu fulani, kisha wakaombwa kuchangia. Wengine walipewa takwimu za njaa tu, mamilioni ya watu, wakatoa wastani wa dola 1.14. Wengine walionyeshwa mtoto mmoja, Rokia, msichana wa miaka 7 wa Mali, picha yake na habari zake, wakatoa dola 2.38. Wa tatu walipewa Rokia pamoja na takwimu, wakashuka mpaka 1.43. Miaka miwili baadaye Small na mwenzake Verrochi wakaonyesha kwamba uso wenye huzuni unaleta hela kuliko uso unaocheka. Kwa hiyo bosi wenu akisema mtoto mmoja mwenye huzuni anauza, hajatunga.

Lakini soma tena kilichopimwa. Rokia alikuwa na jina, umri, nchi, uso na habari zake. Walichochangia watu ni mtu mmoja anayejulikana, badala ya bahari ya namba. Jaribio hilo halikupima nzi wala uchi, na halikupima kama mama akikatwa pembeni hela zinaongezeka. Nyie mmechukua ushahidi wa jambo moja mkautumia kuhalalisha kila kitu. Huzuni yenyewe siyo aibu, mtoto mgonjwa ana huzuni na mama yake ana huzuni zaidi, wapigeni picha wote wawili wakiwa wameshikana. Na tena hela iliyopimwa ni ya pale pale, mtu anatoa mara moja na kusepa. Kama mwaka wa tatu bado anakuamini au ameshachoka kuona watu wale wale hawaendi popote, jaribio la dakika chache haliwezi kukuambia.

Na kuna jaribio la pili ambalo sijui kwa nini halisemwi mikutanoni. Mwaka 2022 shirika la afya la Amref, tawi la Uingereza, na watafiti Jess Crombie na David Girling walitengeneza barua mbili za kuomba michango kuhusu mhudumu mmoja wa afya ya jamii wa Kenya. Moja iliandikwa na shirika kama kawaida yao, nyingine huyo mhudumu alisimulia mwenyewe na kuchagua picha za kutumika. Zikatumwa kwa wafadhili kweli kweli, wakahesabu hela. Ya kwake ndiyo iliyoleta zaidi. Jaribio moja halitoshi kuapa, na yule alikuwa mtu mzima, ila linatosha kuvunja ile sentensi yenu ya kwamba heshima ni lazima ilipiwe kwa hela pungufu.

Sasa nije kwenye linaloniuma kuliko yote, ridhaa. Mnapenda kunionyesha zile fomu na kuniambia, mama, kila mtu amesaini. Amesaini wapi? Wacha niwaambie mama anaona nini. Yuko kwenye foleni ya chakula cha lishe, mtoto wake juzi kapimwa unene wa mkono kwa ule utepe, umesoma chini ya milimita 115, maana yake ni utapiamlo mkali na anahitaji matibabu haraka. Anakuja mtu amevaa fulana yenye nembo ile ile ya anayegawa chakula, ameongozana na nesi yule yule, anaongea lugha asiyoijua, anampa karatasi ya lugha asiyoisoma, na wino wa kidole gumba. Kichwani kwake swali ni moja tu, nikikataa mwanangu ataendelea kupewa zile pakiti? Hakuna aliyemwambia ataendelea kupewa. Basi anaweka kidole. Mnaiita hiyo ridhaa, mimi naiita foleni.

Mnataka kujua kama ridhaa yenu ni ya kweli? Hesabuni waliokataa. Mkiona mwaka mzima mmepiga picha watoto mia na hakuna mzazi hata mmoja aliyesema hapana, basi hamkuuliza. Watu wakiulizwa vizuri wapo wanaokataa, na pale nilipofanya kazi na mtu aliyejua kuuliza, walikataa mbele yetu bila woga na wakabaki kwenye foleni yao.

Kuuliza vizuri ni hivi. Nenda siku moja kabla, siyo siku ya mgao, na asiende mtu anayegawa. Anza na kwamba akikataa hakuna kitakachobadilika kwa mtoto. Kisha mwonyeshe kwa macho, chukua tangazo la zamani kwenye simu umwambie, mwanao atakuwa hapa, watu wa mbali wasiomjua watamuona, na jirani yako mwenye simu anaweza kumuona pia. Neno "matangazo" halimwambii kitu, picha inamwambia kila kitu, nimeona wamama wakishtuka hapo ndipo wakaanza kuuliza maswali ya maana. Mpe usiku alale nalo. Mtoto mwenyewe kama anaelewa naye aulizwe, na akigeuza uso amejibu. Mwachie nakala yenye namba ya simu inayopokelewa na mtu anayeongea lugha yake, na tarehe ambayo picha itaondolewa. Inachukua siku mbili badala ya dakika mbili, najua, na gari la kukodi linalipiwa kwa siku.

Maana huyu mtoto atakua, jamani. Birhan Woldu alipigwa picha akiwa mdogo anakaribia kufa kwenye njaa ile ile ya Ethiopia, Live Aid 1985 ikamuonyesha dunia nzima. Julai 2005 alisimama jukwaani London kwenye tamasha la Live 8, binti mzima aliyesomea kilimo. Miaka ishirini dunia ilijua uso wake wa mahututi bila kusikia sauti yake. Na ile ilikuwa enzi ya televisheni, leo mtoto wenu atakutana na picha yake darasani, kwenye simu ya mwenzake anayemcheka.

Na msije mkageuka upande wa pili mkaniletea watoto wote wanacheka na kupunga mikono, hiyo nayo ni uongo na watu wenyewe hawajaiomba. Shirika la Save the Children walipowahoji watu wapatao 200 waliohusika na picha zao, Uingereza, Jordan, Niger na Bangladesh, wakachapisha mwaka 2017, wengi walielewa kwamba shida lazima ionekane ili watu watoe. Walichotaka ni kuonekana kama watu, na habari yao isiishie kwenye shida.

Mengine nayataja tu, mnayajua. Mtoto uchi, hapana. Mtoto aliyebakwa au mwenye virusi, uso usionekane wala jina, wala jina la shule wala sare. Futa data za mahali zilizojificha ndani ya faili. Picha ya ukame wa mwaka ule usiitumie kwa mafuriko ya mwaka huu.

Nasi tunaotazama tusijitoe. Tunapita juu ya taarifa nzuri ya kurasa kumi, tunasimama kwenye jicho lenye nzi, tunatuma kwenye makundi na kulia kidogo, halafu tunashangaa mashirika yanatupikia kile tunachokula.

Bosi akiwaambia tangazo la heshima litaleta hela kidogo, msimjibu kwa hasira kama mimi. Mwambieni mpime. Gawanyeni orodha ya wafadhili mara mbili bila kuchagua, nusu wapate mtoto na mama yake na jina walilokubali, nusu wapate lile la kawaida, hesabuni mwezi wa kwanza na mhesabu tena baada ya mwaka nani bado anatoa. Lile la kawaida nalo lipatikane kwa ridhaa ya siku mbili niliyoisema. Na kama hata baada ya mwaka hela zitakuwa zimepungua kweli, na zinaweza, basi mje mezani na namba zenu tuongee ni huduma gani itapungua na ni nani atakayeamua, na kwenye meza hiyo awepo angalau mama mmoja wa kwenye foleni.