Baba hakulia, lakini mimi nimekuwa nikisema alilia

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa Dodoma, na nitangulie kusema kwamba jambo langu si la ndoa wala mirathi. Ni la dakika moja tu: ile dakika ambayo mshereheshaji anakukabidhi maiki na kusema, "Jitambulishe kwa ufupi, tunajali muda."

Mimi nakausha zabibu. Nanunua mbichi kwa wakulima wa Mpunguzi, nazianika kwenye chanja ndani ya kaushio la nailoni, kisha nafungasha pakiti za gramu 250 za dukani na mifuko ya kilo 5 ya waoka mikate na keki. Kilo 4 za mbichi zinanipa kama kilo 1 kavu. Wateja wangu wengi nimewapata kwenye hafla za wajasiriamali kufahamiana. Tangu serikali ihamie huku, hafla hizo haziishi. Unalipa kiingilio, unapata chai na sambusa, halafu maiki inazunguka ukumbi mzima.

Mwanzoni nilikuwa nasema kama wenzangu: "Naitwa fulani, ni mjasiriamali, najishughulisha na usindikaji na uongezaji thamani wa mazao ya bustani." Nikikaa, jirani yangu wa kiti ananiuliza, "Samahani dada, ulisema unafanya nini?" Yule hakuwa kiziwi. Sentensi yangu ingeweza kusemwa na muuza pilipili au na msaga karanga, na wote wawili walikuwepo.

Mama mmoja anayeuza vitenge ndiye aliyenishauri nianze na kisa. Kisa ninacho. Mwezi wa tatu mwaka 2018 baba yangu alipakia zabibu kwenye Kenta ya kukodi akazipeleka kwa mnunuzi. Msimu ukifika kila mtu anavuna wakati mmoja, wanunuzi ni wachache, na zabibu ikishapasuka haikungoji. Alikaa mlangoni pale siku tatu. Siku ya tatu juisi ilikuwa inadondoka chini ya gari, harufu imeshaelekea siki, nyigu wamejaa. Mzigo ukakataliwa. Tulivyorudi nyumbani nilichambua kreti mbili zilizokuwa bado nzima, nikazianika juu ya bati la jikoni. Hapo ndipo biashara yangu ilipoanza.

Mara ya kwanza nilikisimulia kama ninavyokisimulia nyumbani. Nilianza na itifaki, nikamtambua mgeni rasmi, nikaeleza shamba lina ekari ngapi, mkopo ulitoka wapi, ada za wadogo zangu, Kenta, nyigu, na jinsi mama alivyonyamaza wiki nzima. Mshereheshaji akaanza kukohoa. Nilipomaliza ukumbi ulipiga makofi, nikajua nimeweza. Wakati wa chai watu walikuja kweli, mmoja baada ya mwingine, wakanishika mkono: "Pole sana dada." "Poleni sana na familia." Baba mmoja wa makamo akanikunjia noti ya elfu kumi kiganjani. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza bei.

Siku hizi hicho ndicho kipimo changu, Shangazi. Sihesabu makofi, nasikiliza neno la kwanza analonijia nalo mtu baada ya maiki. Akianza na "pole", hadithi imeishia kwenye shida. Akianza na "unauzaje?" au "hata sisi tunanunua hizo," hadithi imefika mahali inapotakiwa.

Nikakaa na simu, nikajirekodi, nikakata. Ekari zikatoka, mkopo ukatoka, mama akatoka. Itifaki nikaifupisha kuwa salamu moja ya Kigogo, kwa sababu ukisema "Mbukwenyi!" Dodoma, nusu ya ukumbi inakuitikia "Mbukwa!" na tayari wanakutazama. Kilichobaki kilikuwa hivi:

"Mbukwenyi! Mwezi wa tatu mwaka 2018 baba yangu alilala siku tatu chini ya Kenta, mlangoni kwa mnunuzi wa zabibu. Siku ya tatu juisi inadondoka barabarani, nyigu wamejaa. Mnunuzi akatoka, akanusa, akasema rudisha. Mimi nikachukua kreti mbili zilizobaki nzima, nikazianika juu ya bati. Leo nakausha zabibu za wakulima kumi na nne wa Mpunguzi kabla hazijafika pale. Kama unaoka mikate au keki na unanunua zabibu kavu za kutoka nje, nitafute wakati wa chai nikuonjeshe hizi."

Hiyo haifiki dakika, hata nikivuta pumzi. Jina langu nalisema mwisho kabisa, maana likitangulia linasahaulika. Sentensi ya "Leo nakausha" ndiyo iliyonitesa kuliko zote. Bila hiyo, watu wanabaki na baba pale chini ya gari. Nilikuwa naiweka baada ya maelezo marefu ya jinsi nilivyohangaika, nikaja kuona kwamba inatakiwa igusane na bati, isiachwe nafasi ya mtu kusema pole.

Ikafanya kazi. Siku hiyo niligawa pakiti zangu zote za kuonjesha, na mwoka mikate mmoja wa Majengo ananunua kwangu mpaka leo.

(Nisikudanganye kwamba kila mtu anahitaji hadithi. Hafla hiyohiyo kijana mmoja alisimama, akasema, "Nachimba visima, namba yangu ni hii," akakaa. Kabla chai haijapoa alikuwa amezungukwa. Kwa ukame wa Dodoma, mchimba visima atasimulia nini? Mimi nina shida nyingine: watu wameshazoea kwamba zabibu kavu hutoka nje, hawajui hata kwa nini mtu wa hapa azikaushe. Hadithi inawajibu hiyo "kwa nini" kabla hawajaniuliza.)

Sasa nifike kwenye dhambi yangu. Hafla ya tatu au ya nne, nilipofika "akasema rudisha", nilinyamaza kidogo kuvuta pumzi. Ukumbi nao ukanyamaza, nikasikia hata vijiko vya chai vimetulia. Ule ukimya ulinilewesha. Yakanitoka maneno mawili ambayo sikuwa nimeyapanga: "Baba alilia." Kisha nikaendelea na kreti na bati. Siku ile niliuza zaidi ya siku zote, na tangu hapo sikuyaondoa tena maneno yale. Nimeyasema mara nyingi kiasi kwamba nilianza kuyaona machozi yenyewe.

Dodoma yetu ni mji mkuu wa nchi lakini habari zake bado zinatembea kama kijijini. Jumapili moja mzee alinipigia. Baba yangu hapigi simu, anabipu. Siku hiyo alipiga. Akasalimia, akauliza wajukuu, akauliza kama mvua imenyesha huku mjini, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, kanisani wananiambia nililia. Nililia lini?"

Sikuwa na jibu. Kwa sababu hakulia, Shangazi. Nilikuwepo. Alivua kofia, akakaa kwenye bampa, akamwita kijana aliyekuwa akichoma mahindi kando ya barabara, akanunua hindi moja. Akalivunja katikati, nusu akampa dereva, akasema, "Tule hili, zile hazitulishi tena." Ndivyo alivyofanya. Dereva alicheka mpaka akapaliwa.

Nilimwomba msamaha. Hakunigombeza, na hilo ndilo linaloniuma. Alisema, "Sema zabibu zilioza, ni kweli zilioza. Mimi niache." Nikamuuliza kama naweza kusema habari ya hindi. Akanyamaza, akasema salio linaisha, akakata.

Nimejaribu kutii. Nimemsikilizisha dada yangu toleo lisilo na baba: "Mkulima mmoja alikaa siku tatu mlangoni kwa mnunuzi." Dada akasema limekuwa kama taarifa ya habari. Na kweli, "mkulima mmoja" hana uso. Tena waliowahi kunisikia wanajua ni nani, kwa hiyo nikimficha itaonekana kuna aibu fulani nyumbani.

Nikajaribu kutumia kosa langu mwenyewe, kwa sababu hilo ni mali yangu na siombi ruhusa ya mtu. Msimu wangu wa kwanza nilifungasha zabibu ambazo hazijakauka vizuri. Baada ya wiki mbili pakiti ziliota ukungu, nikarudishiwa mzigo mzima. Tangu hapo sifungashi bila kuzikamua kwenye ngumi: ukifungua kiganja zikabaki donge, bado zina maji, zikiachana zenyewe, tayari. Kama hadithi naiona nzuri, ina kitu cha kuonyesha kwa mkono pale mbele, na inamwambia mwokaji kitu anachotaka kukijua. Lakini dada alinikatisha mapema: "Nani atakula zabibu za mtu aliyeanza kwa kukwambia ziliota ukungu?" Nahisi ana haki nusu. Labda neno "ukungu" likiwa la kwanza kuingia masikioni halitoki tena, hata ukimalizia vizuri namna gani. Labda nianze na ngumi, ukungu ufuate baadaye.

Kuna hafla nyingine wiki mbili zijazo, na waandaaji wameshanipa nafasi. Nusu ya watakaokuwepo wamesikia machozi ya baba, wengine mara mbili. Na safari hii wamealikwa pia viongozi wa ushirika wa wakulima wa zabibu, wazee wanaokaa benchi moja na baba yangu.

Kwa hiyo naomba unisaidie haya. Je, nimfuate mzee Mpunguzi, nikae naye, nimwombe ruhusa ya lile hindi, au neno "niache" limeshamaliza na kumfuata ni kumsumbua? Nikiwa na ruhusa, nisimame mbele ya watu walewale niseme "mara ya mwisho niliwaambia alilia, hakulia", wakati nina dakika moja tu ya kuuza? Au nisimulie ukweli tu bila kurekebisha chochote, wenye kumbukumbu washangae? Na kama unaona hadithi ya baba niizike kabisa, niambie: ya ngumi na ukungu inaweza kubeba biashara ya chakula, au dada yangu yuko sahihi?

Nimekutumia pakiti moja kupitia basi la asubuhi. Ukiipata, zikamue kwanza.

Binti wa Mpunguzi,
Dodoma