Silo yenye faneli chini: tani 55 za kwenye karatasi, tani 44 ndani ya bati

Mteja wetu mmoja alitupigia simu jioni akiwa na mashaka. Silo yake mpya ilikuwa imejaa mpaka mdomo wa bomba la kujazia, na bado trela lake lilikuwa na zaidi ya tani 11 za mahindi. Alikuwa amepiga hesabu mwenyewe kabla ya kuvuna: kipenyo mita 3.6, kimo kutoka ukingo wa juu wa ukuta hadi mlango wa kutolea nafaka mita 7.6. Akapata tani 55 na ushee. Alitaka kujua kama tumemuuzia silo pungufu.

Silo haikuwa pungufu, na vipimo vyake vyote viwili vilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba alilihesabu umbo zima kama pipa lililonyooka, na silo ya namna hii si pipa. Ni pipa lililoketi juu ya faneli, na juu kabisa nafaka haijai bapa. Hesabu tuliyompa ndiyo hii.

Anza na duara. Nusu kipenyo ni mita 1.8. Zidisha 1.8 kwa 1.8, kisha kwa 3.1416, utapata eneo la mita za mraba 10.18. Hapa angalia usitumie kipenyo kizima mahali pa nusu yake, maana jibu litakuwa mara nne ya ukweli. Kama huwezi kupima katikati, zungusha tepu nje ya ukuta na ugawe mzingo kwa 3.1416. Kwa silo hii tepu ilisoma mita 11.31, na ikarudisha 3.6 ileile.

Ukuta wima una kimo cha mita 6. Mita 6 mara 10.18 ni mita za ujazo 61.1. Sehemu hiyo haina ubishi.

Faneli ndiyo inayowapotosha wengi. Faneli iliyochongoka hadi ncha hubeba theluthi moja tu ya pipa lenye mdomo na kimo sawa na chake. Hii imeinama nyuzi 45, kwa hiyo lau ingeshuka mpaka ncha, kimo chake kingekuwa sawa na nusu kipenyo, yaani mita 1.8. Theluthi ya 10.18 mara 1.8 ni mita za ujazo 6.1. Kweli, ncha imekatwa ili kuweka mlango wenye upana wa sentimita 40, na ndiyo maana kimo halisi cha faneli ni mita 1.6. Lakini kipande kilichokatwa kina ujazo wa lita 8 hivi, kama kilo 6 za mahindi. Kisahau. Usichofanya ni kuchukua theluthi ya mita 1.6: hapo utapoteza karibu nusu tani kwenye karatasi bila sababu.

Kosa la upande wa pili ni kulaza tepu juu ya bati la faneli. Bati hilo lina urefu wa mita 2.26 kwa sababu limeinama, na ukiutumia urefu huo kama kimo utajiongezea tani 1 na ushee ambazo hazipo. Kimo cha faneli hupimwa wima, kwa timazi.

Jumla basi ni mita za ujazo 67.2. Mteja wetu alikuwa na 77.4, kwa sababu faneli aliihesabu kama mwendelezo wa pipa.

Sasa tuangalie juu. Mahindi makavu yakimwagwa kutoka katikati hujenga kichuguu chenye mteremko wa nyuzi 25 hivi. Kwenye silo hii bomba la kujazia linaishia usawa wa ukingo wa ukuta, kwa hiyo kilele cha kichuguu kinapoliziba, pembeni nafaka bado iko chini kwa sentimita 84. Pengo hilo linalozunguka kichuguu ni theluthi mbili za pipa la kimo cha sentimita 84, nalo lina mita za ujazo 5.7. Zinabaki 61.5. Silo yenye paa lenye mwinuko mkali na mdomo wa kujazia kwenye kilele cha paa inaweza kulijaza pengo hilo na hata kupita, lakini sisi hatumhesabii mteja nafasi ya paani. Hewa nayo inahitaji mahali pa kupita.

Kubadili ujazo kuwa uzito, mahindi makavu ni karibu kilo 720 kwa mita ya ujazo. Mara 61.5 ni tani 44.3. Toa hizo kwenye 55.7 za mteja, na tani 11 za kwenye trela zimeeleweka.

Kilo hizo 720 tusizichukue kama amri. Ngano iko karibu na 770, na mpunga wenye maganda karibu na 580, kwa hiyo silo hiihii ingebeba tani 47 za ngano au tani 36 tu za mpunga. Hata mahindi hutofautiana kwa aina na unyevu. Pima yako: jaza ndoo ya lita 20 bila kuitikisa, lainisha juu kwa ubao ulionyooka, pima uzito wa nafaka peke yake, zidisha kwa 50. Kilo 14.4 zitakupa 720. Na ukitaka kuweka nafaka nzito kuliko ile uliyotutajia wakati wa kununua, tuulize kwanza, kwa sababu miguu ya silo inabeba tani, haibebi mita za ujazo.

Swali linalokuja baadaye ni kujua kilichobaki. Faneli iliyojaa ina tani 4.4. Nafaka ikishuka hadi nusu ya kimo chake, kikihesabiwa mpaka ncha, wengi hukadiria tani 2.2 zimebaki. Zimebaki kama kilo 550, kwa sababu nusu ya kimo kwenye faneli ni sehemu moja ya nane ya ujazo. Ndiyo maana siku za mwisho nafaka huonekana kuyeyuka ghafla.

Wakati nafaka bado inagusa ukuta wima, pima kwa kamba yenye uzito mdogo kupitia tundu la ukaguzi, ukiwa nje. Usiingie ndani kukanyaga nafaka, hata ikionekana imara. Mlango ukifunguliwa chini humvuta mtu akazama kabla hajapiga kelele. Usishushe kamba katikati: baada ya kujaza kuna kilele, baada ya kutoa kuna shimo. Ishushe theluthi mbili za njia kutoka katikati kwenda ukutani, kwenye silo hii sentimita 60 kutoka ukutani. Hapo usawa wa nafaka ni wastani wa uso mzima, uwe kichuguu au shimo. Kamba ikisoma mita 2 kutoka ukingo wa juu, zimebaki mita 4 ndani ya ukuta wima: 40.7, ongeza 6.1 za faneli, ni mita za ujazo 46.8. Hizo ni tani 33.7 za mahindi.