Kwa nini mifuko yetu ya mchele wa brauni haina namba ya GI

Jumamosi moja alirudi dukani kaka mmoja akiwa na mfuko wetu wa kilo mbili, umebaki nusu. Mama yake ana kisukari. Tangu waanze kupika mchele wetu wa brauni, mashine ya kupimia sukari ilikuwa ikisoma juu kuliko walipokuwa wanakula mchele mweupe. Isitoshe, pakiti ya duka jingine imeandikwa GI 50, lakini kwenye simu amesoma kuwa mchele wa brauni una 87. Akauliza mbele ya wateja wengine kama tumemuuzia mchele wa kupaka rangi.

Lawama hiyo tunaipata karibu kila mwezi, na inatuuma, kwa sababu hakuna mzigo unaotupa kazi kama huu. Basi niieleze kwa kirefu.

GI ni namba inayoonyesha chakula kinapandisha sukari ya damu kwa kiasi gani kikilinganishwa na glukosi, ambayo hupewa 100. Ilianzia Toronto mwaka 1981, kwa Daktari David Jenkins na wenzake. Watu wapatao kumi waliolala bila kula hupewa chakula chenye gramu 50 za wanga unaomeng'enyeka, kisha hutobolewa kidole mara kadhaa ndani ya saa mbili. Siku nyingine watu walewale hunywa glukosi. Hapo ndipo namba inapotoka: ni wastani wa watu wachache, kwa mchele mmoja, uliopikwa kwa namna moja.

Sasa ile 87 ya kaka yule haikuwa uongo. Mwaka 1992 watafiti wa Sydney walipima aina kadhaa za mchele wa Australia, mweupe na wa brauni. Aina iitwayo Kalrosi ilipata 83 ikiwa nyeupe na 87 ikiwa ya brauni. Aina ya Dungara ilipata 64 ikiwa nyeupe na 66 ikiwa ya brauni. Wapimaji ni walewale. Kwa aina hizo mbili kuacha pumba, ile ngozi ya kahawia juu ya punje, hakukushusha chochote, na Dungara nyeupe iko chini sana kuliko Kalrosi ya brauni.

Tofauti kubwa iko ndani ya punje. Wanga wa mchele una sehemu mbili: amilosi, ambayo nyuzi zake zimenyooka na hushikamana, na amilopektini, yenye matawi mengi ambayo vimeng'enya huyakata upesi. Dungara ina amilosi nyingi, ndiyo maana wali wake hukaa punje punje. Basmati nayo huwa na amilosi ya kutosha. Mchele unaonata una kidogo sana, na sukari yake huingia haraka hata ukiwa wa brauni.

Halafu kuna jambo linalowachanganya hata wanaojua kusoma majedwali. Maabara nyingine hazikulinganisha na glukosi, zililinganisha na mkate mweupe na kuupa mkate 100. Mkate mweupe wenyewe kwa kipimo cha glukosi ni kama 70. Kwa hiyo mchele wenye 57 kwa glukosi husomeka kama 80 kwa mkate. Majedwali ya zamani yaliweka safu zote mbili, na anayenakili kwa haraka huchukua yoyote. Ukikuta namba isiyosema imelinganishwa na nini, haina maana kwako.

Jedwali la kimataifa la mwaka 2008 lilitoa wastani: mchele mweupe 73, wa brauni 68. Tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mkate wa ngano nzima 74, mweupe 75, yaani sawa. Lakini shayiri ilipata 28. Ngano nzima ikishasagwa laini, ganda lililokuwa likizuia vimeng'enya limevunjika. Lipo kwenye unga ila halilindi kitu. Shayiri iliyochemshwa punje zake nzima bado ina ukuta wake, na nyuzinyuzi zake hufanya uji mzito tumboni.

Hapa ndipo wateja wetu wanapojipunja wenyewe. Kuna mama mmoja, mteja wa siku nyingi, alikuwa akinunua mchele wa brauni na kutuomba tuusage unga wa uji kwa sababu uji unaiva upesi na mkaa ni ghali. Nilimsagia mara mbili. Mara ya tatu nilimwambia ukweli: unalipia punje nzima halafu unalipia tena kuivunja. Tangu hapo usagaji huo hatuufanyi bila kumweleza mtu kwanza.

Wengine hukwepa bei yetu, wakanunua mpunga na kuupeleka mashine ya kijijini, wakiomba "pitisha kidogo tu". Mashine nyingi za hivyo huondoa ganda na pumba kwa mpigo mmoja. Ukiipunguza makali unapata mpunga uliochanganyika na chenga, na chenga huiva hadi kuwa ujiuji kabla punje nzima hazijalainika. Mwenzetu mmoja aliharibu gunia zima hivyo, akaja kutuomba tumchambulie. Kuchambua kulimgharimu zaidi ya ambavyo angelipa kwetu tangu mwanzo.

Sisi tunatumia roli za mpira zinazovua ganda la nje bila kugusa pumba. Kisha mpunga uliosalia tunauokota kwa mkono kwenye ungo, na mawe pia. Pumba ina mafuta, na kwa joto la Morogoro mafuta hayo huchacha, kwa hiyo tunakoboa magunia machache kwa wakati. Ukiuliza kwa nini bei ya kilo yetu imezidi ya mchele mweupe ilhali "tumekoboa kidogo", jibu ni hilo.

Nirudi kwa kaka yule. Nilimuuliza mnapikaje. Akasema wanauloweka usiku kucha, wanauchemsha mpaka uwe bokoboko, kwa sababu mama hana meno. Anakula kiasi gani? Akacheka, "Anajaza, si ndiyo dawa yake?" Nikampa sahani ya hapa dukani na wali tuliopika wenyewe, akapakua kama anavyompakulia mama. Mizani ikasoma gramu 450. Gramu 50 za wanga zinazotumika kwenye vipimo ni kama gramu 200 tu za wali wa brauni uliopikwa, kwa hiyo sahani ile ilikuwa na wanga kama gramu 110. Zamani alimpakulia wali mweupe wa gramu 250, wanga kama gramu 70. Mchele haukuwa na kosa. Alikuwa amemwongezea mama wanga zaidi ya nusu, na wali umevurugika mpaka hauna punje.

Tulimpikia upya, maji mara mbili na nusu ya mchele, moto mdogo, ukaiva laini lakini punje zikionekana. Nikamwambia ampimie gramu 200, pamoja na maharage na mboga, apime sukari saa mbili baada ya kula, aandike, na dawa asiguse bila daktari wa mama.

Ndiyo maana kwenye mifuko yetu utakuta aina ya mpunga, tarehe tuliyokoboa, na kiasi cha maji. Namba ya GI hatutaiandika, kwa sababu mchele wetu haujapimwa, na kunakili 50 ya mchele wa watu wengine ni kumdanganya mgonjwa. Mizani ya kaunta iko wazi, njoo na sahani yako upimie bure.