Ripoti imeandika DELIVRD, mteja anaapa hajaona meseji

Sisi kazi yetu ni kuwatumia shule, SACCOS na biashara meseji za jumla kwa wateja wao. Shule zikikaribia kufungua, simu yetu ya ofisini haipoi, na malalamiko ni yale yale: "Mmetukata salio, ripoti yenu inasema meseji imefika, mzazi anasema hajaona kitu. Turudishieni hela." Juzi mhasibu wa shule moja ya bweni alituita matapeli kwenye grupu la WhatsApp la wamiliki wa shule, mbele ya watu ambao nusu yao ni wateja wetu. Tumeona tuandike jambo hili lote mara moja.

Ukibonyeza "Tuma", meseji inatoka kwenye mfumo wetu kwenda kwenye kituo cha meseji cha mtandao husika. Kituo kinauliza kwenye daftari la mtandao laini hiyo iko upande gani wa nchi kwa wakati huo, kisha kinaisukuma meseji hadi kwenye mnara, na mnara unaipeleka kwenye simu. Simu ikishaipokea, inajibu yenyewe kwamba imepokea. Jibu hilo hutoka kabla mwenye simu hajasikia mlio wowote, na ndilo linalorudi kwetu likiwa limeandikwa DELIVRD. Meseji za kawaida hazina tiki za bluu kama WhatsApp. Kwa hiyo DELIVRD inathibitisha kwamba kifaa chenye laini ile kimepokea. Kama kuna mtu amesoma, hilo haliwezi kulisema.

Ripoti ghafi tunayoipata kutoka mtandaoni inafanana na hii:

```
id:7f3a91 sub:001 dlvrd:001 submit date:2501081002 done date:2501081847 stat:DELIVRD err:000
```

Wateja wengi huangalia stat tu. Sisi jicho letu linaenda kwanza kwenye tarehe mbili zile. Zinasomwa mwaka, mwezi, siku, saa na dakika. Hapa meseji iliingia kwenye kituo tarehe 8 Januari 2025 saa nne na dakika mbili asubuhi, ikapokelewa na simu saa kumi na mbili na dakika arobaini na saba jioni. Maana yake simu ilikuwa imezimwa au haina mtandao mchana kutwa, kituo kikaitunza meseji, na simu ilipowashwa ikapelekewa. Hiyo ni ripoti ya kweli kabisa, ina harufu ya maisha ya mtu. Simu isipowashwa hadi muda wa kuitunza uishe, ungeona EXPIRED.

Turudi kwa yule mhasibu. Mzazi aliyekuwa analalamika alitajwa kwa namba, tukavuta ripoti zake zote za muhula uliopita. Zote DELIVRD. Kilichotushtua ni kwamba kila moja ilipokelewa dakika ile ile iliyotumwa, hata zile zilizotoka usiku mnene. Hakuna hata moja iliyochelewa. Binadamu gani ambaye simu yake haizimiki chaji, haiingii kwenye bonde lisilo na mtandao, haikai kwenye ndege wala kwenye basi la usiku? Nikampigia mzazi kwa namba yake nyingine, nikamuuliza, "Mzee, hii laini uliyoandika kwenye fomu ya shule iko kwenye simu ipi?" Akanyamaza kidogo. "Ile? Ile niliitoa, niliiweka kwenye rauta ya intaneti ya nyumbani."

Rauta ya laini nayo inapokea meseji. Inajibu kwamba imepokea, inaiweka kwenye kisanduku chake, na haipigi mlio wowote. Tulimwelekeza mwanawe afungue 192.168.8.1 kwenye kompyuta, aingie na nenosiri, abonyeze sehemu ya SMS. Zote zilikuwepo: ada, kikao cha wazazi, tarehe ya kufungua, na matangazo ya mtandao wenyewe kibao. Hali hiyo hiyo inatokea laini ikiwa kwenye kifaa cha kufuatilia gari, au kwenye kitochi cha zamani kilicholala kabatini kikiwa kwenye chaji. Shule inayotumia namba zilizoandikwa siku mtoto anaandikishwa darasa la kwanza, ikamtumia mzazi huyo huyo mpaka mtoto yuko la sita, itakutana na hili kila mwaka. Anzeni Januari kwa kuhakiki namba. Wekeni mtu apige simu, hata kama ni kwa darasa moja moja.

Sababu ya pili ni simu janja kuficha meseji. SACCOS moja ilituma tangazo la mkutano mkuu, wanachama wakalalamika hawakuarifiwa, katibu akatuletea orodha. Tukamwomba mmoja wao afike ofisini na simu yake. Tulifungua programu ya Messages ya Google, tukabonyeza picha yake juu kulia, tukaingia "Spam & blocked". Tangazo lilikuwa humo. Mama huyo aliwahi kubonyeza "Block" kwa sababu jina lile lile la mtumaji lilikuwa linamkumbusha rejesho la mkopo kila baada ya siku chache. Kumfungia mtumaji kunafanyika ndani ya simu, baada ya simu kuujibu mtandao kwamba imepokea. Ndiyo maana mtandao unaandika DELIVRD bila kudanganya. Tofautisha na kitochi kilichojaa memori: hicho kinarudisha hitilafu, na ripoti haiwi DELIVRD.

Katibu alikuwa ameshachukua njia ya mkato. Aliposikia watu hawajaona, alituma tena tangazo lile lile kwa wote, kisha akatuma mara ya tatu. Salio likakatwa mara tatu, kwa mama yule zote zikaangukia kapu lile lile, na wanachama ambao hawakuwa wamemfungia wakachoka, wengine wakamfungia siku hiyo hiyo. Sisi hatuli faida ya hasira za namna hiyo. Mtandao unatutoza kila meseji iliyopita, isomwe isisomwe. Tulichomshauri ni kusajili majina mawili ya mtumaji: moja la kudai marejesho, lingine la matangazo. Inagharimu, inachukua muda wa karatasi, lakini mkutano wake ujao hautakuwa na viti vitupu.

Hadi hapa ripoti imekuwa mkweli. Ipo na ripoti ya uongo, na hapo ndipo bei inapoingia.

Tunaulizwa kila siku, "Mbona fulani anauza nusu ya bei yenu?" Anaweza, kwa sababu ana njia mbili ambazo sisi hatuzigusi. Ya kwanza, mfumo wake unaandika DELIVRD pale tu unapoipokea meseji yako, hata kama haijafika mtandaoni. Baadhi anazipeleka, nyingine anazimeza. Ya pili, anapitisha meseji kwenye mashine iliyojazwa laini za kawaida zenye bando la bei chee. Hiyo utaitambua kirahisi: mteja wako anapokea meseji kutoka namba ya ajabu badala ya jina la biashara yako. Laini hizo mtandao ukizigundua unazifunga, na meseji zilizokuwa foleni zinaishia hapo, ila kwenye ripoti yako zote zimefika.

Mteja wetu mmoja mwenye duka la vipuri alihamia huko, akarudi na ripoti ya kujivunia: asilimia mia moja. Nikamwambia, bosi, hiyo ndiyo inayokutia hatiani. Orodha yoyote ya wateja wa kweli ina laini zilizofungwa, simu zilizoibiwa, namba zilizokosewa tarakimu. Orodha isiyo na hata UNDELIV moja, yaani meseji iliyoshindikana kufika, haijawahi kupita kwenye mikono yangu.

Huna haja ya kutuamini kwa maneno. Chukua laini zako mbili. Moja iache imewashwa, ya pili zima simu kabisa. Tuma meseji moja kwa zote kupitia kampuni yoyote unayoipima, kisha subiri saa moja. Ya kwanza inatakiwa iwe DELIVRD, na meseji uione kwa jina lako. Ya pili isiwe na jibu la mwisho bado. Ukiwasha simu jioni, meseji iingie, na done date iwe ya jioni. Ukikuta ile ya simu iliyozimwa imeandikwa DELIVRD ndani ya dakika moja, umeshapata jibu lako, na halihitaji fundi. Sisi kila tunapotuma mzigo mkubwa tunachomeka laini zetu za majaribio katikati ya orodha, moja kwa kila mtandao, na kijana wetu anazitazama kwa macho. Gharama yake imo kwenye bei mnayoilalamikia.

Kuna kesi moja zaidi inayowachanganya watu, nayo inaanzia kwenye mwandiko. Meseji moja ina nafasi 160. Muuza dawa za mifugo aliandika tangazo la herufi 150 kwenye Word, akalinakili na kulibandika kwetu. Ndani yake kulikuwa na neno "ng’ombe" lenye kile kialama kilichopinda ambacho Word hukiweka chenyewe. Alama hiyo haimo kwenye herufi za kawaida za meseji, kwa hiyo tangazo zima linahamia mfumo wa herufi ambao nafasi zake ni 70 tu, na likigawanywa kila kipande kinabeba 67. Herufi 150 zikawa vipande vitatu, na akakatwa mara tatu. Angeandika "ng'ombe" kwa alama iliyonyooka angelipia moja. Mbaya zaidi, kila kipande kinasafiri peke yake na kina ripoti yake. Viwili vikifika na cha tatu kikakwama, simu nyingi hazionyeshi chochote. Zinasubiri kipande kilichobaki. Mfumo unaosoma ripoti ya kipande cha kwanza tu utakuandikia DELIVRD. Wa kwetu unaonyesha vyote, na kabla hujabonyeza "Tuma" unakuonyesha idadi ya vipande. Tafadhali kiangalieni kile kinamba.

Ukiwa na lalamiko, tuletee namba ya mpokeaji, tarehe, saa na jina la mtumaji, ndani ya wiki hiyo hiyo. Kwa id iliyo kwenye ripoti tunaweza kuuliza mtandao husika nini kilitokea, lakini kumbukumbu zao za kina hazikai muda mrefu, na anayekuja na kesi ya miezi mitatu iliyopita anatukuta mikono mitupu. Mtandao ukithibitisha haukuipeleka huku ripoti ilisema imefika, tunarudisha salio siku hiyo hiyo. Ikikutwa kwenye rauta, haturudishi.