Kabla hamjaagiza iboga

Wanangu wa soba hausi, na nyie mnaopanga foleni ya methadoni kila asubuhi,

Salaam. Naona mnarushiana klipu za watu waliokwenda Meksiko kunywa ibogaini, dawa itokayo kwenye mzizi wa mmea wa iboga, ili waache heroini, na wengine mmeshaniuliza kama ganda la mzizi wenyewe linaagizika kutoka Gaboni. Nawajibu kwa pamoja.

Hamvutwi na uongo mtupu. Mwaka 1962 kijana wa Kimarekani, Howard Lotsof, alikuwa anatumia heroini. Akameza ibogaini kutafuta stimu tu, na ilipoisha akashangaa arosto haikuja. Wengi baada yake wamesema hivyohivyo. Aliyewahi kuharisha na kuumwa mifupa usiku kucha hawezi kumcheka mtu anayetaka kuiruka arosto kwa dozi moja, badala ya kwenda dirishani miaka.

Tatizo ni moyo. Baada ya kila pigo, seli za moyo hutoa potasiamu kupitia vijitundu maalumu ili zijiandae kwa pigo lijalo. Ibogaini huviziba vijitundu hivyo. Kwenye kipimo cha umeme wa moyo utaona kipande kiitwacho QT kimerefuka. Pigo likiingia moyo haujajiandaa, unaweza kuanza kwenda mbio ovyo bila kusukuma damu. Mtu anaanguka, na asiposhtuliwa kwa mashine anaweza kufa palepale. QT ikivuka milisekunde 500, madaktari huanza kuhangaika. Katika utafiti wa Uholanzi uliotoka 2022, wagonjwa 14 walipewa dozi moja, miligramu 10 kwa kilo ya uzito. Nusu yao walivuka hapo. Na hao walikuwa wamechujwa, wametolewa kwenye methadoni kwanza, na wanaangaliwa hospitalini.

Sasa mfikirie mwenzenu aliyekunywa methadoni jana. Methadoni nayo huziba vijitundu vilevile, na bado imo mwilini. Anatafuna ganda ambalo hakuna ajuaye lina ibogaini kiasi gani. Anatapika usiku kucha, potasiamu na magnesiamu zinatoka, mapigo yanapungua kasi. Kesho yake anatulia, waliomkesha wanarudi makwao. Kumbe ini limeigeuza ibogaini kuwa noribogaini, ambayo pia huziba, na hukaa mwilini kwa siku kadhaa. Ndiyo maana mtu huweza kuanguka siku ya pili au ya tatu, nyumbani wakidhani amelala. Wangapi kati yenu mna mashine ya moyo soba hausi?

Kama arosto inakupiga kabla ya dozi ya kesho, mwambie daktari wa kliniki, dozi hupandishwa. Na kama mwenzenu ameshameza, msimpe chochote cha kumtuliza, wala msisubiri azimie. Mpelekeni hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo, mtaje ibogaini kwa jina, mtaje na methadoni. Msifiche kwa kuogopa polisi.

Mama yenu, muuguzi mstaafu,
Dar es Salaam