Barua ya wazi kwa vijana wa mtaa wetu mnaotafuta kazi: tazameni pesa inapokelewa na nani

Wanangu,

Marahaba kwa wote mnaonisalimu mkipita barazani. Wengi wenu mmemaliza vyuo na mnashinda mnatumiana matangazo ya kazi kwenye magrupu. Nami kabla ya kustaafu nilikuwa afisa utumishi. Nikiandika matangazo ya namna hiyo na kupokea waajiriwa wapya. Kwa hiyo mnayonionyesha nayasoma kama mtu aliyekaa upande wa pili wa meza.

Mmezoea kuambiwa kwamba kazi ya kweli haina gharama yoyote. Si hivyo hasa, na matapeli wanapenyea hapo hapo. Anayeingia serikalini hupewa fomu ya kupimwa afya, na hospitali hutoza. Wakili akigonga muhuri nakala za vyeti hulipwa. Kijana aliyeyasikia hayo kwa kaka yake haoni ajabu mtu wa kwenye simu akimwambia alipie vipimo. Lakini hospitali unailipa mwenyewe pale dirishani na risiti unaondoka nayo, na taasisi ya serikali inakupa kontroo namba. Pesa hizo hazipiti mkononi mwa anayekuajiri, wala hakuna anayekudai kabla hujafanya usaili.

Chukueni tangazo moja lililozunguka hapa mtaani. Mgodi unataka watunza stoo, elimu kidato cha nne, mshahara 950,000, chakula na malazi bure, mwisho wa maombi kesho. Juu kuna nembo, chini kuna muhuri, na vyote viwili siku hizi mtoto wa darasa la saba anaweza kuvibandika kwa simu. Maombi yanatumwa WhatsApp. Kijana ametuma vyeti asubuhi. Kabla ya adhuhuri amepigiwa, ameulizwa maswali mawili matatu, kisha akapongezwa kwamba amepata. Kazi nilizozijua mimi zilichukua majuma kabla mtu hajaitwa usaili.

Hapo ikaja 15,000 ya fomu. Akalipa. Ikaja 35,000 ya vipimo vya afya, eti itarudishwa kwenye mshahara wa kwanza. Akalipa. Ikaja 80,000 ya sare na viatu vya mgodini. Ile ya kwanza huwa ndogo makusudi: inapima kama wewe ni mtu wa kulipa. Baada ya hapo hulipi tena kwa sababu unaamini, unalipa kwa kuogopa kupoteza 50,000 uliyokwisha kuitoa. Alipokosa ya sare, namba yake ikafungiwa.

Na alikuwa na nafasi ya kugundua mapema. Kabla hujaweka namba ya siri, simu hukuonyesha jina la mpokeaji. Aliona jina la mtu binafsi, akauliza, akajibiwa kuwa ni mhasibu wao. Mhasibu anayepokea fedha za ofisi kwenye laini yake angekuwa na barua yangu mezani siku hiyohiyo! Lipa namba nayo isiwatulize, kwa kuwa hata mwenye genge la nyanya anayo.

Kuhusu benki, mimi nimeomba namba za akaunti za watu wengi, lakini baada ya mkataba kusainiwa, ili mshahara uingie. Jina, namba ya akaunti na tawi vilinitosha. Anayetaka namba ya siri, tarakimu za nyuma ya kadi, au zile zinazoingia kwa ujumbe kwenye simu yako, huyo anataka kutoa. Yuko pia anayesema fedha za wateja zipitie kwako, ubaki na kidogo na nyingine uzitume mbele. Mara nyingi fedha hizo zimeibwa kwa mwingine, na polisi wakizifuatilia wanakuta jina lako.

Kazi za serikali zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira zinaombwa bure kupitia portal.ajira.go.tz, na majina ya wanaoitwa usaili hutangazwa wazi. Someni anwani hadi mwisho wake, kabla ya mkwaju wa kwanza, ukiacha ile miwili ya https://: iishie .go.tz. Ikiwa baada ya hapo kuna nukta na neno jingine, hiyo si ya serikali. Kwa kampuni binafsi, tafuteni wenyewe namba ya ofisi yao na muwapigie. Msiitumie iliyoandikwa kwenye tangazo.

Aliyekwisha kutuma pesa apige mara moja huduma kwa wateja ya mtandao wake, kabla haijatolewa kwa wakala, asifute ujumbe hata mmoja, kisha aende polisi. Ujumbe wa kitapeli mnaweza kuutuma kwenda 15040. Na mwenye tangazo analolitilia shaka aje nalo barazani baada ya alasiri. Alilete lote, pamoja na mazungumzo ya WhatsApp, maana tangazo lenyewe mara nyingi halitaji pesa hata kidogo.

Mzee wenu