Kabla hujampelekea wifi kanga ya nyota, soma jina lake lote

Wiki iliyopita mteja wetu mmoja alitutumia picha ya kanga aliyoiona imetundikwa kwenye duka la mtaani kwao. Kanga ya bluu iliyokolea, pindo jeupe lenye maua, na katikati, kwenye mji wa kanga, nyota kubwa ya njano. Ameipenda, anauliza kama tunayo doti nzima. Akaeleza na sababu: yeye ana duka la nguo za watoto, sasa wifi yake naye anafungua la aina hiyohiyo, biashara aliyojifunza kwake, na anataka kumpongeza. "Nimeona hata maneno yake yanaendana," akaandika.

Maneno yaliyoonekana pichani ni haya: SAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Yeye aliyaelewa kuwa ni baraka: safiri kwa nyota yangu, mimi nimetangulia, nifuate.

Nikamwomba asubiri kidogo. "Safirie" peke yake haisimami. Tungesema "asafirie" au "usafirie", lazima mbele yake pawe na kitu. Nikaikuza picha, na kweli, kanga ilikuwa imekunjwa, na mkunjo umepita palepale maneno yanapoanzia. Herufi tatu zimemezwa. Jina la kanga ile ni USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO, na wauza kanga wengi tunalijua kwa sababu linachapwa tena na tena, kwa rangi hii mwaka huu, kwa rangi nyingine mwaka ujao. Alichotaka kumpelekea wifi kama pongezi kilikuwa katazo.

Tuanze na neno la kwanza. Kusafiri ni kwenda, kusafiria ni kwenda kwa kutumia kitu, ndiyo maana tunasema hati ya kusafiria. Kwa hiyo kanga haimkatazi mtu safari. Inamkataza kuifanya nyota ya mtu mwingine kuwa ndiyo chombo chake.

Na nyota hapa ina sura mbili. Ya kwanza ni ya baharini. Chukua majahazi mawili yanayotweka usiku mmoja kutoka Unguja, moja linakwenda Lamu, jingine Mafia. Lamu iko kaskazini, Mafia iko kusini. Nyota ambayo nahodha wa Lamu anaiweka mbele ya omo, kwa nahodha wa Mafia iko nyuma, juu ya tezi. Nyota ni ileile, haina kosa, lakini wa Mafia akiifuata kwa kuwa amemwona mwenzake anaifuata, kila anavyozidi kwenda ndivyo anavyozidi kuikimbia Mafia.

Sura ya pili ndiyo tunayoishi nayo kila siku. Tunasema fulani ana nyota ya kupendwa, fulani nyota yake kali, fulani siku hizi nyota imefifia. Hapo nyota ni bahati ya mtu, fungu alilozaliwa nalo. Ukiisafiria ya mwenzio, umeona kafungua duka likajaa wateja, nawe ukafungua pembeni yake ukitarajia wateja walewale. Kwa sura ya kwanza kanga inasema utapotea. Kwa sura ya pili inasema kitu kikali zaidi: hicho si chako.

Lakini neno linalochoma kuliko yote ni la mwisho. Mwenzio ni mwenzi wako, mtu yeyote, ndivyo maneno yanavyosomeka karatasini. Sasa sikiliza tunavyozungumza. "Mwenzio leo sijalala," shoga anamwambia shoga yake, na huyo mwenzio ni yeye mwenyewe anayesema. Hivyo kanga ikiwa rafuni dukani, maneno yanasema usisafirie nyota ya mtu mwingine. Ikishavaliwa, ile mwenzio inampata mwenyewe, naye ni aliyeivaa. Maneno yanageuka kuwa: usisafirie nyota yangu.

Ndiyo maana jina lilelile likitoka mkononi mwa mama kwenda kwa binti yake anayeanza maisha, ni nasaha. Mama anamwambia usijipime na fulani, tafuta lako. Likivaliwa na jirani anayepita mbele ya genge lako jipya, ni kijembe. Na likitoka kwa mwenye duka kwenda kwa wifi anayefungua duka la aina ileile, sioni namna ya kulisoma kwa wema. Wifi angeifungua ile zawadi mbele ya watu, akaikunjua, na silabi zote sita za "usisafirie" zingekuwa pale, hazina mkunjo wa kuzificha. Mtoaji angesema aliipenda rangi, na angekuwa anasema kweli, lakini nani angemwamini?

Wateja hutuuliza pia watajuaje kama kanga wamevaliwa wao. Kusema kweli huwezi kuwa na hakika, na nguvu ya kanga iko hapo. Mvaaji hajafungua mdomo, maneno yamechapwa kiwandani kwa maelfu ya watu, na ukilalamika wewe ndiye uliyejishtukia. Zipo dalili tu. Aliyejifunga kipande kimoja cha nyota na juu kajitanda kingine cha jina tofauti, mara nyingi amevaa nguo tu, pengine yuko jikoni. Aliyevaa doti kamili, vipande vyote viwili jina moja, akalinyoosha vizuri likasomeka nyuma, tena siku ambayo alijua utakuwepo, huyo ana lake. Na akirudia doti hiyohiyo kila mnapokutana, basi.

Hilo linanirudisha kwenye picha mnazotutumia, maana nyingi zina tatizo lile la mteja huyu. Jina la kanga liko upande wa chini wa mji, juu kidogo ya pindo refu, na limeandikwa kwa herufi kubwa, kwa kawaida bila alama ya kuuliza wala mkato. Kikikatika kipande cha mbele, "usi", "si" au "ha" inapotea, na maana inageuka kabisa. Ikunjueni kanga, pigeni picha mstari wote toka pindo la kushoto hadi la kulia. Yale maandishi madogo ya ukingoni msiyachanganye na jina. Hayo ni alama ya mwenye chapa, kama ile K.H.E. MALI YA ABDULLA inayojulikana Mombasa, ambako kanga wanaiita leso. Kuna aliyewahi kutuuliza huyo Abdulla kafanya nini. Ni jina la biashara, halimsemi mtu.

Mteja wetu nilimtafutia doti nyingine ya bluu inayokaribiana na ile, jina lake NAKUTAKIA KILA LA HERI. Halina mafumbo, na kwa zawadi ya mtu anayefungua duka nadhani ndivyo inavyopaswa kuwa. Ile ya nyota hakuiacha, aliinunua pia kwa ajili yake mwenyewe, akauliza kama anaweza kuivaa siku ya ufunguzi kwa kuwa inaendana na viatu vyake. Nilimwambia siku hiyo aiache kabatini.